Kiuno kipya cha mwale wa leza baada ya lenzi: kwa nini hakipo pale fomula ya taswira inapokuonyesha

Swali la mwanajukwaa wa Moshi: "Nina leza ya heliamu-neoni ya nanomita 632.8. Kiuno chake kina nusu kipenyo cha milimita 0.4, na nimeweka lenzi yenye urefu wa fokasi sentimita 50 umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye kiuno hicho. Fomula ya lenzi inanipa taswira sentimita 300 na ukuzaji mara 5. Nikipima pale napata nusu kipenyo cha milimita 2 kama fomula inavyosema, lakini karatasi inanionyesha kwamba mwale ni mwembamba zaidi karibu na lenzi. Kiuno kipya kiko wapi, na kina ukubwa gani?"

Ndugu yangu, vipimo vyako ni sahihi, na fomula uliyotumia nayo haijakudanganya. Kiuno chako kipya, yaani mahali ambapo mwale ni mwembamba kuliko kote, kipo sentimita 53.9 baada ya lenzi, na nusu kipenyo chake ni milimita 0.25. Kule sentimita 300 ipo taswira ya kiuno cha zamani, na taswira ya kiuno si kiuno kipya. Mimi mwenyewe nilichukua wiki nzima kulielewa hilo, nilipokuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Arusha. Nilitoboa bamba la alumini tundu la kipenyo cha milimita 1, nikalifunga mahali fomula ya taswira iliponielekeza, kisha nikashangaa kuona duara jekundu pana limetanda juu ya bamba huku mwanga hafifu tu ukipenya. Kwa vipimo vyako wewe, tundu kama lile likiwekwa sentimita 300 litapitisha takriban asilimia 12 ya mwanga, ilhali likiwekwa kwenye kiuno halisi litapitisha karibu wote.

Kiini cha jambo ni kile ambacho lenzi inakipokea. Tunapochora miale kwa rula, tunachukulia kwamba mwanga umetoka kwenye nukta, kwa hiyo nyuso za mawimbi zinazofika kwenye lenzi zimejikunja kama sehemu ya tufe ambalo kitovu chake ni nukta hiyo. Mwale wa leza hauendi hivyo. Kwenye kiuno nyuso za mawimbi ni bapa kabisa, kisha zinaanza kujikunja polepole kadiri mwale unavyosonga mbele. Kasi ya mabadiliko hayo hupimwa kwa umbali wa Rayleigh, yaani umbali kutoka kwenye kiuno ambapo eneo la mwale limekuwa maradufu. Kwa mwale wako umbali huo ni mita 0.794, kwa hiyo lenzi yako, iliyo mita 0.6 tu kutoka kwenye kiuno, imekaa mahali ambapo mwale bado haujaanza kutawanyika kama mwanga wa nukta.

Ukipiga hesabu ya mkunjo wa mawimbi pale lenzi ilipo, nusu kipenyo cha mkunjo ni umbali wenyewe, jumlisha mraba wa umbali wa Rayleigh uliogawanywa kwa umbali huo: 0.6 + 0.631/0.6, yaani mita 1.65. Hapa ndipo penye ufunguo. Kiuno kipo sentimita 60 nyuma ya lenzi, lakini lenzi inapokea mawimbi yaliyojikunja kana kwamba yametoka sentimita 165. Kazi ya lenzi nyembamba ni moja tu: haibadilishi upana wa mwale pale inapokatiza, bali inabadilisha mkunjo, kwa kuutoa ule wa 1/f, ambapo f ni urefu wa fokasi. Mwale unaingia na nusu kipenyo cha milimita 0.50 na unatoka na hiyo hiyo milimita 0.50, ila mawimbi yake sasa yamejikunja kuelekea nukta iliyo sentimita 71.7 mbele. Hata kwenye nukta hiyo mwale haufiki ukiwa umebana. Kadiri unavyosinyaa, tabia yake ya kutanuka inazidi kupata nguvu, na nguvu hizo mbili zinalingana kabla ya kitovu cha mkunjo. Pale zinapolingana, mawimbi yanakuwa bapa tena, na hapo ndipo kiuno kipya kilipo: sentimita 53.9.

Hatua zote hizo zinaweza kufupishwa kuwa mistari minne ya fomula. Herufi lambda ni urefu wa wimbi, w0 ni nusu kipenyo cha kiuno cha kwanza na w0' ni cha kiuno kipya, s ni umbali kutoka kiuno cha kwanza hadi lenzi na s' ni kutoka lenzi hadi kiuno kipya, zR ni umbali wa Rayleigh wa mwale unaoingia, na G ni mraba wa ukuzaji wa kiuno:

```
zR  = pi * w0^2 / lambda
G   = f^2 / ((s - f)^2 + zR^2)
s'  = f + G * (s - f)
w0' = w0 * sqrt(G)
```

Kwa namba zako, s − f ni mita 0.1, ambayo mraba wake ni 0.01, na mraba wa zR ni 0.631. G basi ni 0.25 kugawa kwa 0.641, sawa na 0.390. Kiuno kipya kinakaa 0.5 + 0.390 × 0.1, yaani mita 0.539, na ukubwa wake ni milimita 0.4 mara 0.625, yaani milimita 0.25. Sasa futa zR kwenye mstari wa pili uone kinachotokea: G inakuwa 25, umbali unakuwa mita 3 na ukuzaji unakuwa 5, majibu yale yale uliyoyapata kwa fomula ya shule. Kwa maneno mengine, fomula ya shule ni hali ambayo zR ni ndogo kiasi cha kutohesabika mbele ya s − f. Kwako wewe zR ni karibu mara 8 ya s − f, ndiyo maana majibu yametofautiana mno. Ungeisogeza lenzi hadi mita 6 kutoka kwenye kiuno, fomula hizo mbili zingetofautiana kwa chini ya milimita 1, na tatizo hili usingeliona kamwe.

Kuhusu milimita 2 ulizopima kwenye sentimita 300, hilo halikutokea kwa bahati. Lenzi huhamisha picha ya mwanga kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa taswira yake, iwe mwanga huo ni wa mshumaa au wa leza, na picha ya duara la milimita 0.4 ikikuzwa mara 5 ni duara la milimita 2. Lihakiki kwa njia ya pili: umbali wa Rayleigh wa mwale mpya ni G mara ule wa zamani, yaani mita 0.31, na ukitembea mita 2.46 kutoka kiuno cha milimita 0.25, mwale unatanuka mara 8 na kufika milimita 2.0 kamili. Njia zote mbili zinakutana. Kosa letu, wewe na mimi, lilikuwa kudhani kwamba mahali penye taswira ya sehemu nyembamba kuliko zote lazima nako kuwe ndiko kwembamba kuliko kote.

Kama shabaha yako ilikuwa kupata kiuno kwenye mita 3, fahamu kwamba lenzi hiyo haiwezi, hata uisogeze vipi. Ukiangalia fomula ya s' utaona kwamba kiuno kinakwenda mbali zaidi pale s − f inapolingana na zR, na umbali huo wa juu kabisa ni f + f²/(2zR). Kwako ni sentimita 65.7, basi. Ukiiweka lenzi sentimita 50 kamili kutoka kwenye kiuno, mahali ambapo fomula ya shule inasema taswira iko umbali usio na mwisho, kiuno kipya kitakaa sentimita 50 kamili upande wa pili. Ili mwale huu uwe na kiuno mita 3 baada ya lenzi moja, unahitaji urefu wa fokasi usiopungua mita 1.53. Hiyo ya mita 1.53 yenyewe ingekaa mita 2.32 kutoka kwenye kiuno, na ingekupa kiuno cha milimita 0.54. Kwenye meza fupi ni afadhali kutumia lenzi mbili zinazotanua mwale kwanza, kwa sababu kiuno kikikua mara mbili, umbali wa Rayleigh unakua mara nne.

Sasa kuhusu kupima, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Usikitafute kiuno kwa kutelezesha karatasi na kutazama doa. Umbali wa Rayleigh wa mwale wako mpya ni sentimita 31, kwa hiyo ukisogea sentimita 10 kutoka kwenye kiuno, mwale umenenepa kwa asilimia 5 tu, na hakuna jicho litakaloiona tofauti hiyo kwenye doa jekundu linalong'aa. Mimi natumia wembe uliofungwa kwenye kishikio chenye skrubu ya mikrometa, na nyuma yake fotodayodi iliyounganishwa na maltimita, pazia likiwa limefungwa. Wembe mpya unang'aa na unarudisha mwanga machoni, kwa hiyo naupitisha kwanza juu ya mshumaa mpaka upate masizi. Naukatisha wembe kwenye mwale polepole, nikiandika namba ya mikrometa usomaji unaposhuka hadi asilimia 84 ya mwanga wote, kisha unapofika asilimia 16. Umbali kati ya namba hizo mbili ndio nusu kipenyo cha mwale mahali hapo, bila hesabu nyingine yoyote.

Pima hivyo sehemu sita au saba, na nyingi ziwe mbali na kiuno, kama mita 1, mita 1.5 na mita 2 baada ya lenzi, pamoja na moja au mbili karibu na sentimita 54. Chora mraba wa nusu kipenyo dhidi ya umbali. Utapata parabola, na kilele chake cha chini ndicho kiuno. Sehemu za mbali ndizo zinazoibana parabola isiyumbe. Ukizipuuza, kiuno kitakutembelea sentimita 10 huku na huku kila unaporudia kipimo.

Fanya kipimo hicho hicho kabla ya kuweka lenzi, maana si kila leza ina kiuno chake pale mdomoni. Ukikosea mahali pa kiuno cha kwanza kwa sentimita 10, yaani kiwe sentimita 70 badala ya 60, kiuno kipya kinahama sentimita 3.6 tu na ukubwa wake haubadiliki sana. Ukikosea ukubwa wake ndipo utakapoumia: kiuno cha milimita 0.44 badala ya 0.40 kinashusha kile kipya hadi milimita 0.23, kwa sababu mwale mnene zaidi hubanwa na lenzi kuwa mwembamba zaidi. Na kama siku moja utabadilisha leza uweke ile ya dayodi, ya kalamu za kuelekezea, upime wima na mlalo kila kimoja peke yake. Mwale wake ni wa yai, kila upande una kiuno chake, na lenzi ile ile itaviweka mahali pawili tofauti.