Muhtasari wa ukurasa mmoja: mwisho usiufiche

Wadogo zangu wa Moshi, mihtasari mliyonitumia nimeisoma yote. Miswada mmeimaliza, hongereni, hilo si jambo la mchezo. Lakini karibu kila mmoja amefunga kwa swali. "Je, siri itafichuka?" "Je, penzi lao litadumu?" Jamani, msomaji ni mimi, mwandishi ni wewe, halafu wewe ndiye unaniuliza!

1. Wakala, yule anayekutafutia mchapishaji, si mteja wa duka la vitabu. Mteja anasoma jalada la nyuma, na huyo ni halali kumnyima mwisho ili atoe pesa. Wakala hula asilimia ya malipo ya mwandishi, kwa kawaida 15, kwa hiyo kabla hajazama kwenye kurasa 300 anataka kujua kama hadithi inafika. Sura za mwanzo zinamwonyesha unavyoandika. Muhtasari unamwonyesha kama unajua kufunga.

2. Nafsi ya tatu, wakati uliopo, hata kama riwaya nzima inasimuliwa na "mimi". Jina la mhusika liwe kwa herufi kubwa linapotajwa mara ya kwanza, na majina yasizidi matano. Waliobaki waite mwalimu, karani, jirani. Wakala akitaja urefu anaoutaka, fuata huo. Asipotaja, maneno 500 yanatosha. Na wewe uliyepunguza herufi mpaka zikawa kama sisimizi, nimekuona.

3. Sasa huo mwisho. Mmoja wenu ameniruhusu nitumie wake. AIKANDE anatoka Arusha kwenda Kibosho kumzika baba, anakuta baba yake mdogo, NDESARIO, ameshaanza kung'oa kahawa kihambani. Anampeleka baraza la kata. Kisha: "Siku ya shauri, ukweli mchungu unajitokeza. Je, Aikande atachagua haki au damu?"

Nikamuuliza, ukweli gani? Akanijibu kwa raha kabisa kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyekiuza kihamba kwa mdogo wake, ili apate ada ya Aikande. Ala! Riwaya yenyewe ndiyo hiyo, nawe umeifungia kabatini.

Akaandika upya: Aikande anapata karatasi ya mauziano yenye saini ya baba, anafuta shauri, anarudi Arusha. Anaipataje? Hapo akanyamaza. Kumbe muswadani mvua kubwa inanyesha, dari linavuja, sanduku linaanguka, karatasi inatoka. Sura hiyo ameiandika vizuri mno, ndiyo maana sote tuliipita bila kushtuka. Lakini binti ametafuta ukweli kitabu kizima, halafu anayeupata ni mvua. Kwenye ukurasa mmoja uzuri wa sentensi haupo kukuficha. Wakala anaona sanduku tu, likianguka.

Dawa haikuwa kwenye muhtasari. Alirudi kwenye muswada, ambako tayari mama alikuwa anakwepa kutoa ushahidi bila sababu ya maana. Aliifanyia kazi sababu hiyo, akaandika upya sura mbili, ndipo aya ya mwisho ikaja:

"Mama anapokataa kutoa ushahidi, Aikande anambana mpaka anaitoa karatasi: baba ndiye aliyemuuzia Ndesario kihamba, ili alipe ada ya Aikande. Ndesario alimwacha kaka yake aishi hapo hadi kufa, na amenyamaza ili kumlindia heshima. Aikande anafuta shauri, lakini anakataa kuirithi siri. Anaisoma karatasi mbele ya ukoo. Ndesario anamwachia sehemu yenye kaburi. Aikande anaipokea, na kwa mara ya kwanza anamwita baba."

Angalia kila tukio linavyozaa linalofuata. Kipimo changu ni hiki: kati ya tukio na tukio jaribu kuweka "kwa hiyo" au "lakini". Panapokubali "halafu" peke yake, ama tukio hilo halihitajiki hapo, ama muswada wako una tundu.

4. Penzi la Aikande na mwalimu wa Rau, kurasa 60, halimo. Mwandishi alinuna. Lakini liondoe, mwisho bado unasimama. Mama ukimwondoa, unaanguka. Basi mama anabaki, mwalimu atakutana na wakala ndani ya riwaya.

5. "Riwaya hii inachunguza mgongano wa mila na usasa." Futa.

6. Mnaoogopa kuibiwa mwisho: wakala anapata senti pale tu wewe unapolipwa, na aya moja bila riwaya nyuma yake haina wa kumuuzia. Wenye mfululizo nao wasikimbilie humo. Kitabu cha kwanza kiwe na mwisho wake, uandikwe wote. Cha pili kitajeni kwa sentensi moja kwenye barua mnayomwandikia wakala.