Adui mwenye ufunguo wa kisima

Adui wa kwanza niliyemchora kwa mfululizo wetu wa katuni alikuwa mrefu, mwembamba, macho mekundu, kanzu nyeusi inayoburura chini. Tulipowaonyesha watoto wa mtaani kipande cha majaribio, hakuna aliyejiuliza Mwanaidi, binti shujaa wa hadithi yetu, afanye nini. "Ampige!" walipiga kelele wote. Tulikuwa na vipindi 13 mbele yetu, na hadithi imeshakwisha.

Nikaanza upya, safari hii na sababu kabla ya sura. Kijiji cha hadithi yetu kiko ufukweni. Visima vya pwani vina tabia moja: maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kupita kiasi chumvi hupanda. Mzee Shee, adui mpya, alishaona kisima cha babake kikiharibika hivyo. Ndiyo maana kisima cha kijiji amekitia kufuli. Anauza ndoo chache kwa siku, na mwenye deni hapati hata tone. Bibi yake Mwanaidi ana deni. Binti akiiba ufunguo, kijiji kizima kitakimbilia kuteka na hofu ya mzee itatimia. Akiuacha, bibi atalala na kiu.

Lile la deni usiliondoe. Niliwahi kulilainisha, mzee akawa anasamehe, na mara watoto wakamwona Mwanaidi ndiye mwizi. Hofu ya adui iwe ya kweli, lakini anachokifanya kwa ajili yake kiumize mtu tunayemjua.

Sura ikafuata. Nilijaza wino mwili wote wa Mzee Shee, nikafanya hivyo pia kwa bibi, nikaviweka vivuli viwili kando kwa kando. Nilitaka vifanane: mabega ya mviringo, mgongo ulioinama kidogo, mkono mmoja kiunoni. Tofauti ni ufunguo unaoning'inia shingoni mwa mzee. Mwanaidi akinyoosha mkono kuuchukua, mtazamaji anaona kama anamwibia bibi yake.

Sauti tuliirekodi kabla ya kuchora midomo, na hapo nilipoteza siku nzima. Nilimwomba mwigizaji akwaruze koo. Baada ya saa moja hakuwa na sauti, na mzee alisikika kama zimwi. Kesho yake nilimwambia aseme taratibu tu, "Mjukuu wangu, umekula?", kama anavyosema bibi. Tukampunguzia pia mwendo. Sekunde moja ina fremu 24, nasi huchora picha 12, kila moja ikikaa fremu mbili; mzee tulimwacha atulie kwenye picha moja sekunde mbili nzima, akimtazama binti. Ilituokolea kazi, nakiri.

Tuliporudi kwa watoto, niliuliza tena Mwanaidi afanye nini. Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Mmoja alitaka aibe ndoo moja tu kisha arudishe ufunguo, na mwenzake akamuuliza, "Na kesho je?"