Dakika tatu baada ya stopu

Msomaji mmoja amenitumia daftari lake la tredi akiuliza kwa nini akaunti inazidi kuyeyuka wakati uchambuzi wake ni mzuri. Ameandika bei ya kuingia, bei ya kutoka na faida au hasara. Hayo yote broka anayo tayari, na tredi ya kisasi, ile unayoifungua kwa hasira ili kurudisha hasara, haionekani humo.

Ongeza mambo manne: stopu uliyoanza nayo kabla hujaisogeza, ukubwa wa loti, sababu ya kuingia kwa sentensi moja, na dakika zilizopita tangu tredi iliyotangulia ifungwe. Hizo dakika usizikadirie kichwani. Chukua saa kwenye historia ya MetaTrader, uziweke kwenye jedwali pamoja na tarehe. Kama muda wa kufungua uko safu ya B na wa kufunga safu ya C, andika:

```
=(B3-C2)*1440
```

Seli iwe ya namba ya kawaida, la sivyo itakuonyesha tarehe ya ajabu.

Sasa tazama asubuhi moja ya EURUSD. Akaunti ina dola 500, na mpango ni kuhatarisha asilimia 1, yaani dola 5. Tredi ya kwanza ni loti 0.02, stopu pipsi 25. Inapigwa saa 5:20, dola 5 zimekwenda, na hapo hakuna kosa. Saa 5:23 inafunguliwa ya pili, loti 0.06, stopu pipsi 20: dola 12. Inafungwa saa 5:41. Saa 5:43 inaingia ya tatu, loti 0.10, bila stopu kabisa, hadi inafungwa kwa mkono ikiwa pipsi 31 chini. Jumla dola 48, na 43 kati yake zimetoka kwenye tredi mbili zilizofunguliwa ndani ya dakika tatu baada ya hasara. Uchambuzi wa tredi ya kwanza hauhusiki.

Dakika chache peke yake si ushahidi. Anayetredi chati ya dakika moja anaweza kurudi upesi kwa haki. Kisasi kinajulikana dakika zikiwa chache, loti ikiwa imepanda, na sababu haipo au imeandikwa "itarudi tu".

Tredi ya papara haihitaji hasara kabla yake. Hiyo utaikamata kwa sentensi ya sababu, mradi uiandike kabla ya kubonyeza, na saa yake. Sentensi iliyoandikwa baadaye huwa tamu kuliko ukweli, hivyo iwekee alama ya P. "Bei inakimbia" nayo ni P, hata ukishinda. Hasa ukishinda, maana ndiyo utakayoirudia.

Jumamosi soko likiwa limefungwa, chuja tredi za kisasi na za P, jumlisha matokeo yake peke yake, halafu jumlisha zilizobaki. Kwa msomaji wangu, zilizobaki zilikuwa na faida.