Mbwa wa kisukari akianza kutapika: ketoasidosi inajulikanaje

"Wakuu habari, nipo Lindi mjini, nina mbwa jike miaka 9. Wiki mbili hizi anakunywa maji balaa na kukojoa kila saa, sasa leo siku ya pili hali chochote na anatapika. Wamempima sukari imekuja 24. Mmoja anasema ni kisukari cha kawaida nianze insulini nyumbani, mwingine anasema inaweza kuwa ketoasidosi. Nitajuaje ni ipi?"

Mkuu pole sana. Kabla hujasoma mengine, mbwa wa kisukari anayekula na kutembea vizuri unaweza kumwanzishia insulini nyumbani, ila huyo wako anayetapika na kugoma kula usimchome leo, mtafutie kwanza sehemu ya kumwekea dripu. Ketoasidosi ni pale kisukari kinapofika hatua ya kujaza damu asidi, na sababu ya kukuzuia nakuja nayo huko chini.

Mimi nipo Mtwara, kazi ya mifugo nina miaka 11, na mbwa wa hivi nimewaona wachache ila mmoja wa Mikindani ndo alinifunza kuliko wote. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho. Mama mwenye mbwa alinipigia akasema "daktari, Sheba anakunywa maji ya kuku, ya kufulia, kila anayoyakuta, na pale anapokojoa sisimizi wanajaa". Hayo ya sisimizi ndo yalinifanya nipande bodaboda muda uleule, maana sukari ya mbwa ikipita kama 10 au 12 hivi figo inashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji, ndo maana anakojoa sana na kunywa sana.

Nilipofika mbwa amelala kwenye kivuli cha mwembe, kakonda mgongo wote unaonekana, na siku tatu nyuma kuna mtu wa duka la dawa alishamchoma sindano ya kupe pamoja na deksamethazoni. Huku kwetu mbwa akilegea na kugoma kula kila mtu anawaza kupe, na mara nyingi ni kweli, ila deksamethazoni kwa mbwa mwenye kisukari inaifanya insulini isifanye kazi, yani unamsukuma kule kule shimoni. Hili linaniuma mpaka leo kwa sababu swali moja tu la "anakunywa maji kiasi gani" lingemwokoa na ile sindano.

Sasa dalili zenyewe. Ufizi ulikuwa mkavu unanata kwenye kidole, na hapo usitegemee kuvuta ngozi ya shingo peke yake maana mbwa aliyekonda ngozi inachelewa kurudi hata kama maji anayo. Kupumua ndo kulinishtua. Mbwa wetu huku na joto hili anahema mdomo wazi, ulimi nje, harakaharaka na juu juu, hiyo ya kawaida. Sheba alikuwa kivulini, mdomo amefunga, anavuta pumzi ndefu za ndani mpaka mbavu zinapanda, kama anafanya kazi. Anafanya vile ili kutoa hewa ya kaboni, maana damu ina asidi nyingi na mapafu ndo njia ya haraka ya kuipunguza. Si kila mbwa mwenye ketoasidosi anapumua hivi, wengine wanalegea tu, ila ukiiona usiipuuze. Nikainama karibu na mdomo, harufu ilikuwa kama mabibo yaliyoanza kuchacha na juu yake ukali wa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mama hakuisikia kabisa, na kuna watu hawaisikii hata wakiiweka puani, kwa hiyo kutosikia harufu hakumaanishi haipo.

Sukari kwenye glukomita ya watu ilikuja 27. Hapa sikiliza vizuri mkuu, hiyo 24 yako inakwambia mbwa ana kisukari, haikwambii kama ana ketoasidosi. Kuna mbwa wa 30 anakula na kucheza, na kuna wa 18 yupo hoi. Halafu glukomita za watu kwa damu ya mbwa mara nyingi zinasoma chini ya ukweli, na mbwa akikaukiwa maji damu inakuwa nzito ndo inasoma chini zaidi, kwa hiyo usiseme "mbona ni 24 tu". Ikiandika `HI` ujue imepita uwezo wa mashine. Kawaida tunaanza kuwaza ketoasidosi sukari ikiwa juu ya 14, ila mbwa ambaye tayari yupo kwenye insulini anaweza kuwa chini ya hapo na bado akawa nayo.

Kinachotofautisha ni ketoni. Insulini ikikosekana seli hazipati sukari hata kama imejaa kwenye damu, mwili unaanza kuyeyusha mafuta, ini linayageuza kuwa ketoni, na mbili kati ya hizo ni asidi. Tukakinga mkojo wa Sheba kwenye kifuniko cha ndoo, nikachovya kijiti cha mkojo, sukari ikapiga rangi ya mwisho kabisa lakini ketoni ikaja alama ndogo sana, kama haipo. Hapa ndo watu wengi wanapotelea. Kile kijiti kinaona asetoasetati, hakioni kabisa beta-hidroksibutireti ambayo ndo inakuwa nyingi kuliko zote mbwa akiwa kwenye hali mbaya. Weka na mkojo wenyewe ulivyochujuka kwa maji yale yote anayokunywa. Na tatizo lingine la Pwani, kopo la vijiti likiachwa wazi unyevu unaua ile sehemu ya ketoni, utapima mbwa anayekufa uambiwe yupo safi.

Kwa hiyo nilichukua damu nikajaza kile kimrija chembamba cha kioo cha kupimia wingi wa damu, nikakizungusha kwenye mashine mpaka seli zikakaa chini na plazma ya njano ikabaki juu, nikavunja kimrija pale katikati na kudondosha tone la plazma kwenye sehemu ya ketoni ya kijiti kipya. Ndani ya sekunde chache ikageuka zambarau. Plazma inakamata vizuri kuliko mkojo, na inakusaidia pia mbwa akiwa hatoi mkojo. Baadae nikapata kipimo cha mkononi cha ketoni za damu, kile wanachotumia wagonjwa wa kisukari, hicho kinasoma beta-hidroksibutireti yenyewe, kikasema 5.9. Mimi nikiona chini ya 1 natulia natafuta sababu nyingine ya kutapika, nikiona 3.8 kwenda juu kwa mbwa mgonjwa mwenye kisukari namchukulia ni ketoasidosi hata kabla ya majibu ya asidi. Hapo katikati ndo unahitaji kipimo cha asidi kweli, maana mbwa anaweza kuwa na ketoni bila damu yake kuwa na asidi, anakula vizuri tu, huyo tunasema ana ketosisi na habari yake ni nyingine.

Asidi sasa. Maabara moja ya watu hapa mjini ilikubali kunisaidia. Damu ya mshipa inatosha, huna haja ya kutafuta ateri. Nililowesha sirinji na heparini nikaitoa yote, kwa sababu ikibaki nyingi inachuja damu na kushusha bikaboneti kwa uongo, nikatoa hewa yote, nikaziba, nikaifunga kwenye mfuko na kuitumbukiza kwenye maji yenye barafu tuliyopata kwa wavuvi, bodaboda mpaka mjini. Ukichelewa seli za damu zinaendelea kula sukari na kutoa asidi, majibu yanaharibika, na barafu ikigusa sirinji moja kwa moja seli zinapasuka.

Majibu yalikuja pH, yani kiwango cha asidi, 7.11, HCO3, yani ile bikaboneti inayopunguza makali ya asidi, 8, na pCO2, yani hewa ya kaboni kwenye damu, 26. Kwa mbwa pH inatakiwa iwe 7.35 hadi 7.45 na HCO3 kama 20 hadi 24. Ketoasidosi kwa kawaida tunaanzia pH chini ya 7.3 na HCO3 chini ya 15, kwa hiyo Sheba alikuwa mbali sana huko chini. Ile pCO2 26 ndo zile pumzi ndefu nilizoziona chini ya mwembe, kawaida ni karibu 37 hivi. Halafu kwa sodiamu Na, potasiamu K na kloridi Cl tukahesabu pengo la anioni, yani asidi ambazo mashine haizitaji kwa jina:

```
(Na + K) - (Cl + HCO3)
(132 + 4.6) - (96 + 8) = 32.6
```

Kwa mbwa likipita 24 au 25 ujue kuna asidi ya ziada ndani. Lakini pengo halisemi ni asidi gani, figo zikifeli linapanda, laktati ikijaa linapanda, sumu nyingine pia. Ndo maana unahitaji pH na ketoni kwa pamoja, kimoja kinasema asidi ipo, kingine kinasema imetoka wapi.

Angalia hiyo K 4.6, inaonekana nzuri eti. Ni ya uongo, sehemu kubwa ya potasiamu ya mwili alishaikojoa na kuitapika, iliyobaki ilisukumwa kwenye damu. Ukimchoma insulini akiwa hivyo potasiamu inarudi ndani ya seli ghafla, damu inabaki tupu, shingo inalegea na moyo unaweza kusimama. Hii ndo sababu nimekuzuia kumchoma nyumbani. Sheba alikaa kwenye dripu masaa 6 kwanza, ndo akaanza insulini ya maji kidogokidogo, na bado kesho yake potasiamu ilishuka mpaka 2.9 tukaiongeza kwenye dripu.

Siku ya pili hiyohiyo mama alikuja na kijiti cha mkojo mkononi kimekoza zambarau, machozi yanamtoka, "daktari jana kilikuwa cheupe, leo ndo anakufa?" Nikampima damu mbele yake, ketoni zimeshuka kutoka 5.9 mpaka 2.4. Mwili ukianza kupona beta-hidroksibutireti inageuzwa kuwa asetoasetati, ambayo ndo kijiti kinaiona, kwa hiyo mkojo unaonekana umeharibika wakati mbwa anapata nafuu. Jioni alilamba supu ya dagaa. Tumbo lilivyotulia tukamfunga kizazi, maana alikuwa kwenye joto wiki kama sita kabla ya kuugua, na homoni za kipindi kile kwa jike ambaye hajafungwa zinazuia insulini kufanya kazi.

Kwa hiyo mkuu leo omba wampime ketoni za damu, kama hawana kipimo waambie waweke plazma kwenye kijiti kutoka kopo jipya. Wamwangalie na kizazi kama kina usaha maana nao unaleta kiu na kutapika. Ukipata majibu weka hapa ketoni, K, na kama wamepata pH na HCO3, na useme mara ya mwisho alikuwa kwenye joto lini na kama kuna sindano yoyote kachomwa wiki hii.