Seti ya visu imeandikwa Damaski na chuma cha Ujerumani, nitajuaje?

Fundi shikamoo. Nimeona seti ya visu 6 Kariakoo, boksi limeandikwa chuma cha Ujerumani, Damaski, alafu chini "7CR17 440C". Laki na ishirini. Nitajuaje kabla sijatoa hela?

Marahaba mwanangu. Boksi lenyewe limeshajisema. 7CR17 ni jina la chuma cha Kichina, kaboni yake kama asilimia 0.7, na 440C ni jina la Kimarekani, kaboni kuanzia 0.95 mpaka 1.2, na hiyo kaboni ndo inabeba makali, sasa kisu kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili. Wanaweka jina kubwa pembeni ya jina dogo ili usome lile kubwa, we hesabu ni 7CR17. Sio kibaya, kinanoleka upesi na kutu hakipati haraka, ila sio chuma cha bei hiyo na Ujerumani hakipo hapo. Visu vya jikoni vya Wajerumani mara nyingi utakuta X50CrMoV15 au 1.4116.

Haya, hayo mawimbi. Damaski ya kweli ni tabaka za vyuma tofauti zimeunganishwa kwa moto, ndo inawekwa asidi mchoro utokee, na kile cha jikoni mara nyingi kina chuma kimoja kigumu katikati, kwahiyo mawimbi hayafiki kwenye ncha ya makali, yanaishia kwenye mstari uliopinda pinda pale chuma cha katikati kinapoanza, na upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Toa visu viwili vya saizi moja uvilaze pamoja, ukiona wimbi lile lile mahali pale pale basi ni leza imechora juu juu. Kama unacho tayari nyumbani, sugua kidogo na msasa karibu na mpini mpaka mchoro ufutike, paka feri kloraidi ile mafundi wa redio wanachubulia bodi (vaa glavu), Damaski inarudi, ya leza hairudi ng'o.

Kwenye mpini ndo naomba uangalie sana, maana pale mtu anaumia. Kuna mama aliniletea kisu chenye riveti tatu nzuri kabisa, kilikatika pale kinapoingia kwenye mpini akikata nyama ya friza. Nikapasua mpini, chuma kilichoingia ndani hakizidi kidole, na zile riveti ni vifuniko vimegandishwa kwa gundi, hazijatoboa kitu. Nenda na kasumaku kadogo, pitisha kwenye mgongo wa mpini, chuma kikiwa kimefika mwisho itashika njia nzima, ikiachia katikati ujue kile kimstari cha kung'aa unachokiona kwenye mgongo wa mpini ni urembo tu. Alafu angalia riveti za upande huu na ule zimelingana au zimepishana, zikipishana ujue hazijapita ndani. Ila mpini wa mbao wa duara wa Kijapani hauna riveti kabisa na chuma kimefichwa ndani, huo ndo ulivyo, usiukatae kwa hilo.

Seti yako ikishika sumaku mpaka mwisho, mwambie muuzaji akupe bei ya visu vya kawaida. Isiposhika iache hapo hapo.