VS, VSOP na XO kwenye konyaki

"Wakuu, VS, VSOP na XO kwenye chupa ya konyaki ni nini? VSOP yangu imekaa kabatini miaka, imeshakuwa XO?"

Hapana, ndugu, konyaki hukomaa ndani ya pipa tu, na ikishatiwa kwenye chupa umri wake husimama. Inapotoka kwenye mtambo wa kukeneka haina rangi na ina takriban asilimia 70 ya alkoholi, kisha hukaa katika mapipa ya mwaloni wa Ufaransa, ambayo mbao zake huipa rangi, tanini na harufu ya vanila, huku hewa inayopenya polepole ikiilainisha na yapata asilimia 2 ikipotea kila mwaka kwa mvuke.

Herufi hizo huonyesha umri wa pombe iliyo changa kuliko zote katika mchanganyiko: VS angalau miaka 2, VSOP miaka 4, na XO miaka 10, kiwango kilichopandishwa kutoka 6 mwaka 2018. Hivyo, ukichanganya ya miaka 4 na ya miaka 20, hata kama ile changa ni kidogo, chupa hiyo ni VSOP. Weusi wa rangi usikushawishi, kwa kuwa sheria inaruhusu karameli.