Msichore kitu kabla ya kuuliza "mama yake nani?"

> Watoto wangu (miaka 9 na 12) wanataka kuwahoji babu na bibi wikiendi hii, kisha wachore mti wa ukoo. Manila na maka peni ninazo. Waulize maswali gani, wahoji kwa muda gani, na mti uanzie juu au chini?

Hiyo maka peni ifiche. Sisi tulipewa mwongozo na mtaalamu mmoja wa makaratasi: watoto wachore huku mzee anasimulia, "ili wafurahie". Walifurahi kweli, na manila tatu zikaishia kuwashia jiko.

Tatizo ni majina tunayoitana. Bibi anasema, "Mimi nimelelewa na baba mdogo." Mtoto haraka anamchora huyo mzee pembeni ya baba yake bibi, kama mdogo wake. Kumbe alikuwa mume wa mama mdogo, yaani yuko upande wa mama, tena kwa ndoa tu. Watoto wake sita wameshaingia ukoo usio wao, wajukuu nao wamefuata, na wino haufutiki. Mama mdogo ndiyo balaa zaidi: anaweza kuwa mdogo wake mama, mke wa baba mdogo, au mke wa pili wa baba. "Ndugu yangu" sitaki hata kuigusa.

Kwa hiyo kila jina likitajwa, mtoto aulize mambo mawili papo hapo: baba yake nani, mama yake nani? Bila majibu hayo, hakuna mstari. Mzee akisema "sijui", andikeni hajui, msijaze kwa kubahatisha.

Kata karatasi ya A4 vipande vinne. Kila mtu apate kipande chake. Kwa penseli andikeni jina lake na la utani, baba, mama, mwaka wa kuzaliwa, na nani kasema. Hilo la mwisho msiliruke, maana babu na bibi watapishana, na mtahitaji kujua mrudi kwa nani. Mwaka ukikosekana, ulizeni, "Alipozaliwa yeye, wewe ulikuwa umeshaolewa?" Wazee wengi hukumbuka mpangilio hata kama tarehe zimepotea.

Mkimaliza, tandazeni vipande sakafuni, kila kizazi safu yake, mvisogeze mpaka vikae. Hapo makosa yanajitokeza yenyewe. Mama aliyezaliwa 1948 hawezi kuwa na mwana wa 1957. Angekuwa na miaka tisa. Mara nyingi hapo mmewaunganisha watu wawili wenye jina moja, bibi na mjukuu aliyerithi jina lake. Wapeni vipande viwili.

Juu au chini? Popote, ilimradi vipande vimelala siku mbili na bibi amevipitia kimoja kimoja. Maka peni itoke baada ya hapo.